Jampa, pini na bredibodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu jambo dogo linalokwamisha miradi mingi ya vihisi kabla hata programu haijaandikwa: jampa gani, yaani waya gani fupi wa kuunganishia, uingie wapi, na kwa nini pini nyingine zinagoma kuingia. Mfano nitakaourudia ni wa moduli ya GY-BMP280, inayopima mgandamizo wa hewa na joto, ikiunganishwa na bodi ya ESP32 yenye pini 30. Vyote viwili ni vya bei nafuu, vinapatikana kwa urahisi, na vinakutana na karibu kila tatizo linalozungumzwa hapa.

Kwenye ncha za jampa, dume ni ipi na jike ni ipi?

Angalia chuma, usiangalie plastiki. Ncha yenye sindano ya chuma iliyochomoza ni dume. Ncha yenye kichwa cheusi cha plastiki chenye tundu mbele ni jike. Ncha zote mbili zina plastiki nyeusi inayofanana, ndiyo maana ukitazama haraka kwenye kifungashio unaweza kuchanganya.

Kwa hiyo jampa zipo za aina tatu: dume kwa dume, dume kwa jike, na jike kwa jike. Mara nyingi huuzwa waya 40 zikiwa zimegandana kama utepe, kwa urefu wa sentimita 10, 20 au 30. Unazibandua moja moja au unaacha kundi la nne likiwa pamoja, kulingana na kazi.

Nitajuaje ninunue aina ipi?

Usianze na waya. Anza na vitu viwili unavyotaka kuviunganisha, na kwa kila kimoja jiulize: mahali ninapochomeka pana pini iliyosimama au pana tundu? Penye pini, waya uwe na jike. Penye tundu, waya uwe na dume. Ukishajibu kwa pande zote mbili, aina ya waya imeshajulikana.

Tuchukue hali halisi. Arduino Uno ina matundu pembeni mwake, yale mabanda marefu meusi. Kihisi cha umbali cha HC-SR04 kina pini nne zilizosimama. Ukitaka kuviunganisha moja kwa moja bila bredibodi, ule ubao wa plastiki wenye matundu ya kuchomekea vifaa, upande wa Uno unahitaji dume na upande wa kihisi unahitaji jike, basi ni waya nne za dume kwa jike. Ukikichomeka kihisi hicho hicho kwenye bredibodi, mambo yanabadilika. Pini zake zimezama ndani ya bredibodi na sasa unachokutana nacho ni matundu ya safu ile ile, kwa hiyo unahitaji dume kwa dume.

ESP32 nyingi huja na pini zinazotazama chini. Ukiiacha mezani bila kuichomeka popote, pini zake zinahitaji jike, na kihisi chenye pini kinahitaji jike pia: hapo ndipo jike kwa jike inapopata kazi. Ukiichomeka ESP32 kwenye bredibodi, unarudi kwenye dume.

Kama bajeti inaruhusu aina mbili tu, ningechukua dume kwa dume na dume kwa jike. Jike kwa jike inaweza kusubiri, kwa sababu ukiunga dume kwa jike mbili kupitia safu moja ya bredibodi umepata kazi ile ile. Anayenunua aina moja tu, na hana bredibodi, achukue dume kwa jike kama bodi yake ni Uno.

Naona kila mahali imeandikwa 2.54 mm. Hiyo ni nini?

Ni umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Milimita 2.54 ni sehemu moja ya kumi ya inchi, na ndiyo nafasi iliyotumika kwenye chipu zenye safu mbili za miguu pembeni zilizobuniwa katika kampuni ya Fairchild mwaka 1964. Bredibodi za leo zilitengenezwa ili chipu hizo zikae, kwa hiyo matundu yake yana nafasi hiyo hiyo. Mtaro wa katikati ya bredibodi nao una sababu: kutoka tundu la ukingo mmoja hadi tundu la ukingo wa pili ni milimita 7.62, yaani nafasi tatu za 2.54, upana kamili wa chipu ndogo ya aina hiyo.

Pini zenyewe za heda, yaani ule mstari wa pini ulioshikwa kwa plastiki, ni za mraba, upana wa milimita 0.64. Jike ya jampa imetengenezwa kubana pini ya unene huo. Ndiyo maana ukiichomeka jike kwenye mguu mwembamba, kwa mfano mguu wa kinzani au miguu bapa ya kihisi cha DHT11 kisicho na bodi yake, inakaa kwa kulegea na kukatika ovyo. Kitu chenye miguu myembamba kichomeke kwenye bredibodi, kisha ukifuate kwa dume.

Nitapimaje nafasi ya pini kama sina kalipa?

Rula ya shule inatosha, mradi usipime nafasi moja. Pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho, halafu ugawanye kwa idadi ya nafasi, siyo idadi ya pini. Pini sita zina nafasi tano. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanagawanya kwa sita na kupata jibu lisilolingana na kipimo chochote kinachojulikana.

GY-BMP280 ina pini sita. Kwa nafasi ya 2.54, kutoka ya kwanza hadi ya sita ni milimita 12.7. Kama zingekuwa za milimita 2.0 ungepata 10 kamili. Tofauti ya milimita 2.7 inaonekana kwa macho hata kwenye rula iliyochakaa.

Njia nyingine isiyohitaji rula ni kuiweka moduli juu ya bredibodi na kuangalia kama matundu yake yanafuatana na ya bredibodi hadi mwisho wa mstari. Angalia pini ya mwisho hasa. Pini mbili za kwanza zinaweza kudanganya, ya mwisho haidanganyi.

Soketi yangu ni ya 2.5 mm. Si karibu sawa na 2.54?

Inategemea pini ni ngapi. Soketi nyeupe za aina ya JST XH zina nafasi ya milimita 2.5. Kwa pini nne, kosa linalojikusanya kutoka mwanzo hadi mwisho ni milimita 0.12 tu, na utaingiza bila kugundua. Kwa pini ishirini kosa linafika milimita 0.76, zaidi ya unene wa pini yenyewe, na hapo haiingii. Usilazimishe mstari mrefu. Utapinda pini au kutanua vibano vya ndani ya bredibodi.

Moduli yangu ina soketi nyeupe ndogo na jampa haiingii kabisa. Nifanye nini?

Hiyo haikutengenezwa kwa jampa za kawaida. Soketi za Grove zina pini nne kwa nafasi ya milimita 2.0. Kichwa cha jike ya jampa kina upana wa karibu milimita 2.5, kwa hiyo hata ukiweza kuchomeka kimoja, cha pili hakina pa kukaa. Soketi ndogo zaidi za Qwiic na STEMMA QT zina nafasi ya milimita 1.0, na huko hata kujaribu ni kuharibu.

Dawa ni waya wa kubadilisha: upande mmoja una kichwa cha soketi hiyo, upande wa pili una ncha nne za kawaida, dume au jike. Ukiununua, fuata rangi. Kwenye waya za Qwiic nyekundu ni volti 3.3, nyeusi ni GND yaani hasi, bluu ni SDA yaani data, na njano ni SCL yaani saa ya mawasiliano. Kwenye Grove ya I2C, mawasiliano yanayotumia SDA na SCL hizo, nyekundu na nyeusi zina kazi ile ile, lakini SDA ni nyeupe na SCL ni njano.

Kabla hujatumia pesa, igeuze moduli uangalie ukingo wake. Nyingi zenye soketi hizo zina pia mstari wa matundu matupu ya 2.54, yamewekwa kwa ajili ya heda.

Nichomeke moduli kwenye bredibodi kwa upande gani?

Bredibodi imegawanyika katika safu zenye namba, na kila safu ina matundu matano upande mmoja wa mtaro, a hadi e, na mengine matano upande wa pili, f hadi j. Matundu matano ya a hadi e katika namba moja ni chuma kimoja. Umeme unaoingia tundu moja uko katika yote matano. Hauvuki mtaro, na hauruki kwenda namba inayofuata.

Kwa hiyo mstari wa pini za moduli lazima ufuate mwelekeo wa namba, kila pini ikae kwenye namba yake. Mfano pini sita za GY-BMP280 zikae kwenye namba 50, 51, 52, 53, 54 na 55, zote kwenye herufi ile ile.

Ukiigeuza ikafuata herufi badala ya namba, pini zitakazoangukia a hadi e zimeunganishwa zote pamoja, zikiwemo GND na VCC, pini ya kuingizia umeme. Dalili yake huja papo hapo: ukichomeka USB taa ya ESP32 haiwaki au inafifia, na kompyuta inaipoteza bodi. Chomoa mara moja. Mara nyingi ukiwahi hakuna kilichoungua, lakini chochote kilichopata moto kiache kipoe na ukikague kabla ya kujaribu tena.

Vipi moduli yenye pini za safu mbili, kama NRF24L01 au ESP-01?

Hizo usizichomeke kwenye bredibodi. Zina pini nane, nne kwa mbili, na safu hizo mbili zimeachana kwa milimita 2.54 tu. Vyovyote utakavyoziweka, pini zinazotazamana zitaangukia safu moja ya bredibodi. Kwenye NRF24L01 jozi ya kwanza ni GND na VCC, yaani shoti moja kwa moja. Wazo la kuipandisha juu ya mtaro halisaidii, kwa sababu mtaro unahitaji miguu iliyoachana milimita 7.62.

Tumia dume kwa jike: jike kwenye pini za moduli, dume kwenye bredibodi. Ipo pia bodi ndogo ya kuchomekea moduli hizi ambayo inazitoa pini zote nane kwenye mstari.

ESP32 yangu imefunika bredibodi nzima, hakuna tundu la kuchomeka waya. Nimenunua vibaya?

Hujakosea, ni upana wake. Tuhesabu. Kutoka herufi a hadi j, ukihesabu na mtaro, kuna nafasi 11 za 2.54. Kama safu mbili za pini za ESP32 yako zimeachana kwa nafasi 10, yaani milimita 25.4, basi itakaa a na i. Upande wa a hakuna tundu lililobaki, upande wa pili limebaki tundu la j peke yake. Kama zimeachana kwa nafasi 9, unaweza kuiweka b na i, na kila upande ukabaki na tundu moja.

Tundu moja linatosha kama umepanga. Kwenye ESP32 nyingi za pini 30, 3V3, GND, D21 na D22 ziko upande mmoja, na ndizo tunazohitaji kwa kihisi chetu. Iweke bodi ili upande huo ndio ubaki na tundu la wazi, upande mwingine uache ufunikwe.

Ukihitaji pande zote mbili, chukua bredibodi mbili. Reli ya umeme ya pembeni imeshikwa kwa meno ya plastiki na gundi ya karatasi ya chini. Kata karatasi hiyo kwa wembe kufuata mstari, isukume reli itoke, kisha panga bredibodi ubavu kwa ubavu na ESP32 iwe juu ya zote mbili, mguu huku na mguu kule. Hapo kila pini inapata matundu manne ya wazi. Binafsi naona huu ndio mpangilio bora kuliko wote kwa ESP32, na bredibodi ya pili inagharimu kidogo kuliko muda unaopotea ukibanana.

Arduino Nano haina shida hii. Safu zake zimeachana kwa nafasi 6, na ukiiweka kwenye c na g unabakiwa na matundu mawili upande mmoja na matatu upande wa pili.

Kihisi kimekuja na pini pembeni, hazijalehemiwa. Naweza kuzichomeka tu bila kulehemu?

Hapana, na nakuomba usome jibu hili hadi mwisho, kwa sababu hiki ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya "kihisi kibovu" ninayoyasikia.

Matundu ya moduli ni mapana kidogo kuliko pini. Lazima yawe hivyo ili pini ipite na lehemu ipate pa kutiririka. Ukiegemeza moduli juu ya heda bila lehemu, chuma cha pini kinagusa ukuta wa tundu mahali pamoja tu, au hakigusi kabisa. Ukibonyeza kwa kidole inasoma. Ukiondoa kidole inakata. Ukiacha dirisha wazi upepo ukaitikisa, inasoma nusu. Mtu anabadilisha programu na maktaba, anaagiza kihisi kingine, na kile kipya kinafanya vile vile kwa sababu nacho hakijalehemiwa.

Heda ina upande mrefu, karibu milimita 6, na upande mfupi, karibu milimita 3. Chomeka upande mrefu kwenye bredibodi, kila pini kwenye namba yake. Weka moduli juu ya upande mfupi, maandishi yakionekana. Bredibodi yenyewe inazishika pini zisimame wima ukiwa unafanya kazi. Kama moduli inainamia upande usio na pini, iwekee kipande cha heda au kadi iliyokunjwa chini yake ilale sawa.

Lehemu pini ya mwanzo na ya mwisho kwanza, kisha angalia kwa ubavu kama moduli imelala sawa. Ikiwa imepinda, yeyusha moja tena uinyooshe. Ukishalehemu zote sita haitanyooka. Ncha ya chuma cha kulehemu iguse pini na duara la shaba kwa pamoja, sekunde moja au mbili, ndipo ulishe waya wa lehemu. Usiikalie pini moja kwa muda mrefu, kwa sababu plastiki ya heda na ya bredibodi italainika na pini itaegemea. Lehemu nzuri inapanda kwenye pini ikiwa na mteremko unaong'aa na imelifunika duara lote. Ikikaa kama tone la mviringo juu ya pini huku duara likionekana wazi chini yake, haijashika. Pasha tena.

Baada ya hapo weka mita kwenye mlio na uguse pini mbili zilizo jirani, moja baada ya nyingine hadi mwisho. Hakuna jozi inayopaswa kulia. Ikilia, kuna lehemu iliyovuka.

Asiye na chuma cha kulehemu aende kwa fundi simu. Pini sita kwake ni kazi ya dakika chache.

Naomba mfano mzima, kutoka pini hadi kusoma kihisi.

ESP32 iko kwenye bredibodi kuanzia namba 1 hadi 15, upande wenye 3V3 ukiwa na tundu la j wazi. GY-BMP280 iliyolehemiwa iko namba 50 hadi 55 kwenye herufi f. Maandishi yake kwa mpangilio ni VCC, GND, SCL, SDA, CSB, SDO. Soma maandishi ya moduli yako mwenyewe, usifuate picha, kwa sababu watengenezaji wengine hubadilisha mpangilio.

Ncha zote mbili za kila waya zinaingia kwenye matundu, kwa hiyo tunahitaji dume kwa dume nne. Ya kwanza itoke tundu la j kwenye safu ya 3V3 hadi namba 50. Ya pili kutoka GND hadi namba 51. Ya tatu kutoka D22 hadi namba 52, kwa SCL. Ya nne kutoka D21 hadi namba 53, kwa SDA. CSB na SDO ziache wazi. Kwenye moduli hii kuna vinzani vinavyoziweka mahali pake. Moduli hii ni ya volti 3.3, usiipe umeme wa pini ya VIN, ambao ni wa volti 5.

Kabla ya kuchomeka USB, fuata kila waya kwa kidole kutoka ncha hadi ncha ukitaja jina la pini kwa sauti. Halafu pakia programu hii fupi, ambayo haihitaji maktaba yoyote ya kihisi. Inaita kila anwani na kuandika iliyoitika.

```cpp
#include <Wire.h>

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  Wire.begin(21, 22);
}

void loop() {
  for (byte a = 1; a < 127; a++) {
    Wire.beginTransmission(a);
    if (Wire.endTransmission() == 0) {
      Serial.print("0x");
      Serial.println(a, HEX);
    }
  }
  Serial.println("--");
  delay(2000);
}
```

Majibu ya programu hiyo niyasomeje?

Ukiona `0x76` kila baada ya sekunde chache bila kukosa, waya na lehemu viko sawa. Ukiona `0x77`, moduli yako imewekwa kwenye anwani ya pili. Badilisha anwani kwenye programu yako, waya usiziguse.

Ukiona `0x76` ikitokea na kupotea, tafuta mguso uliolegea. Usitikise vyote kwa pamoja. Gusa waya mmoja tu, uusukume taratibu, uangalie skrini kwa mizunguko mitatu au minne, kisha uende kwa mwingine. Ukimaliza waya zote nne bila mabadiliko, bonyeza moduli yenyewe. Jibu likibadilika hapo, rudi kwenye lehemu.

Ukiona `--` peke yake, kosa linalotokea sana ni SDA na SCL kubadilishana. Zibadilishe, hakuna kitakachoungua. Kama bado kimya, pima volti kati ya pini ya VCC na ya GND juu ya moduli yenyewe, kwenye lehemu, siyo kwenye ESP32. Unatakiwa uone karibu 3.3. Ukiona sifuri wakati ESP32 inatoa 3.3, waya mmoja kati ya miwili umekatika ndani au uko namba ya jirani. Kukosea namba moja kwenye bredibodi ni rahisi kuliko unavyodhani, hasa ukiangalia kwa upande.

Jike ya jampa imelegea, pini inatoka yenyewe. Nitupe?

Si lazima. Kichwa cheusi kina dirisha dogo ubavuni na ulimi mwembamba wa plastiki. Inua ulimi huo kwa ncha ya sindano, kidogo tu, huku ukivuta waya taratibu nyuma. Chuma cha ndani kitatoka kizima. Utaona kibano chake kimetanuka. Kibonyeze kwa koleo la ncha nyembamba, kiasi kidogo sana, kisha kijaribu kwenye pini kabla ya kukirudisha. Kikirudishwa sawa utasikia kinanasa, na ukivuta waya hautoki.

Ujuzi huo huo una faida kubwa zaidi. Vichwa virefu vya matundu manne, sita au nane vinauzwa vikiwa vitupu. Toa waya nne kwenye vichwa vyake vya mojamoja, uziingize kwenye kichwa kimoja cha matundu manne kwa mpangilio wa VCC, GND, SCL, SDA, na sasa una plagi moja ya kihisi chako. Haichanganyiki waya kwa waya, na inashika vizuri zaidi kwa sababu pini nne zinabanwa pamoja. Tia alama ya wino mweupe upande wa VCC, maana plagi hiyo inaweza kuingia kinyume. Kwa mradi utakaotoka mezani kwenda shambani au juu ya paa, fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote.

Rangi za jampa zina maana?

Kwa umeme hazina. Kwenye utepe zinafuatana kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu, zambarau, kijivu, nyeupe, nyeusi, kisha zinaanza upya. Jiwekee nyekundu kwa VCC na nyeusi kwa GND, na rangi hizo mbili usizitumie kwa kitu kingine kamwe, hata kama ndizo zilizobaki. Siku utakayotafuta shoti utaona faida yake.

Waya ndefu ina madhara?

Kwa kihisi cha I2C kama chetu, sentimita 10 au 20 hazina shida. Ukiunga jampa mbili tatu kufika mbali, kila muungo ni mguso mwingine unaoweza kulegea, na ishara za I2C hazikukusudiwa kusafiri mita nyingi.

Mkondo ni habari nyingine. Kihisi kinakula kidogo mno kiasi kwamba waya yoyote inatosha. Mota, pampu au mkanda wa taa usiuendeshe kupitia jampa na bredibodi. Upe waya nene kutoka kwenye chanzo cha umeme chenyewe, ukiunganisha GND tu na bodi. Jampa za bei ya chini sana mara nyingine si shaba tupu. Pitisha sumaku: ikivuta waya wenyewe, siyo pini ya ncha, una chuma ndani, na upotevu wa volti utakuwa mkubwa kuliko wa shaba.

Nusu ya bredibodi yangu haipati umeme. Imeharibika?

Angalia mistari nyekundu na bluu ya reli za pembeni. Kwenye bredibodi ndefu za matundu 830, baadhi hukatika katikati, na mstari uliochorwa nao huwa umekatika hapo. Kila nusu inajitegemea. Weka jampa fupi ya dume kwa dume kuvuka pengo, moja kwenye nyekundu na moja kwenye bluu. Kama mstari haukukatika na bado hakuna umeme, pima kwa mita. Ncha nene za mita usizisukume ndani ya matundu: chomeka jampa mbili na ushike ncha zake za nje.

Nimetengeneza bodi ya kuchomeka juu ya Arduino Uno kwa heda za 2.54, lakini upande mmoja hauingii. Kwa nini?

Kati ya pini 7 na pini 8 za Uno pana nafasi ya milimita 4.06, ambayo si kigawe cha 2.54. Bodi yenye matundu ya kawaida haiwezi kulingana na pande zote mbili za pengo hilo. Nunua bodi iliyotobolewa maalumu kwa Uno, au tumia pini 0 hadi 7 tu upande huo na uache 8 hadi 13 zifikiwe kwa jampa.